Kamera au galari

Jumatatu, 3 Machi 2025
Fundi wa Morogoro katuma picha ya lebo ya alteneta. 27060 ya mwanzo inasomeka, lakini hiyo ningeibahatisha hata macho yakiwa yamefumbwa, maana ndivyo zinavyoanza alteneta za Toyota. Tarakimu za mwisho, ambazo ndizo zinazoniambia nichukue ipi rafuni, ni ukungu mtupu. Nikikuza, 8 na 6 ni mapacha.

"Fundi, umepigia wapi?"
"Humu humu WhatsApp, bosi."

Kabonyeza kile kikamera kilicho pembeni ya sehemu ya kuandikia, akapiga na kutuma. Nimemwambia atoke, apige kwa kamera ya simu yenyewe, kisha arudi aichague kutoka galari. Ya pili imekuja na mwanga zaidi. Chini ya boneti kuna kiza, na kamera ya simu huunganisha fremu kadhaa kuwa picha moja. Ile ya ndani ya WhatsApp, kwenye simu nyingi za Android, haifanyi kazi hiyo yote. Ila tarakimu moja bado inanisumbua.

Jumanne, 4 Machi
Jana usiku nilipiga hesabu. Picha ya fundi ni pikseli 4000 kwa 3000. Kwa ubora wa kawaida, WhatsApp hupunguza upande mrefu hadi takribani 1600. Tarakimu iliyokuwa na kimo cha pikseli 20 hubaki na 8, na kwa kimo hicho matundu ya 8 yanaziba. Ndiyo maana galari peke yake haikutosha: picha inayotoka huko nayo hubanwa. Faida ya galari ni kwamba unaanza na picha nzuri, na ile kamili inabaki kwako.

Asubuhi nimemwomba aikate ileile ya jana, abakize lebo tu. Kipande chenye upana wa pikseli 1500 hakina haja ya kupunguzwa. Kimefika, na ni 6. Alteneta imeondoka na basi la saa nane.

Jumamosi, 8 Machi
Wateja wa mara kwa mara nimeanza kuwaelekeza wabonyeze HD juu ya picha kabla ya kutuma (ipo tangu 2023), au kwa lebo iliyochakaa, watume kama `Document`. Hiyo hufika kama ilivyo. Kwenye Android yangu naitambua kwa jina: iliyobanwa huitwa mfano wa `IMG-20250308-WA0004.jpg`, iliyokuja kama hati hubaki na jina lake la kamera. Tatizo, hati hubeba pia mahali picha ilipopigiwa kama simu iliruhusiwa kuandika. Kwa gereji si neno. Kwa anayepigia nyumbani kwake nitakuwa namtahadharisha.

Kikamera cha WhatsApp sijakitupa. Leo nimekitumia kumwonyesha dada wa Dodoma boksi lake likipakiwa. Hapo hakuna wa kukuza.