Kifungua Mimba wa Binti Yangu

Alhamdulillahi. Picha hii ni ya siku ya saba, Dundori, kwenye baridi ambayo sisi watu wa pwani hatuizoei. Nywele za mtoto zimenyolewa, na thamani ya fedha ya uzani wake itatolewa sadaka. Nyepesi mno, mizani ya jikoni haikutikisika. Mtazameni na mama yake. Macho mekundu, hakutabasamu, nami sikumwambia atabasamu. Amenyonyesha usiku kucha. Alfajiri tulipoamka kusali, yeye, aliye katika nifasi, tulimwacha alale. Aya moja ya Surat Luqman inautaja kwanza udhaifu wa mama aliyebeba mimba, kisha ndipo inapoamrisha shukrani. Furaha yetu imo humo humo machoni mwake. Mwombeeni afya, na mtoto awe mwema.