Gurudumu Lililong'ang'ania

Hapa Montreal sheria ya jimbo la Quebec inataka kila gari dogo livae matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Kwa hiyo mwishoni mwa Novemba simu yangu hailali. Safari hii aliyepiga ni dada mmoja wa Bukavu tunayesali naye: "Kaka, nati zote nimetoa, tairi limekataa kutoka." Nilipofika, mumewe alikuwa ameshika nyundo ya kuvunjia mawe. Nilimwomba aiweke chini kwanza.

Kwetu Tanga ni mara chache sana nilipoona gurudumu limegoma, ingawa upepo wa bahari unakula mabodi ya magari kila siku. Pancha ni nyingi, kila mara gurudumu linafunguliwa, na kutu haipati muda wa kukaa. Huku gari linaweza kumaliza msimu mzima bila mtu kugusa nati, na muda wote huo barabara zinamwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Corolla ya yule dada ilikuwa na rimu za alumini. Alumini ikikutana na chuma cha habu, katikati yao pakiwa na maji ya chumvi, huliwa na kugeuka unga mweupe mgumu. Unga huo unahitaji nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe, kwa hiyo unajikaza kwenye lile tundu la katikati ya rimu, mahali inapovaa mdomo wa habu. Gurudumu linashikwa na duara hilo jembamba tu, na hapo ndipo pa kushughulikia.

Tulirudisha nati zote tano kwa mkono hadi zikagusa rimu, kisha tukalegeza kila moja mizunguko miwili. Kwa nati za Corolla hiyo ni nafasi ya milimita tatu hivi: inatosha rimu kuachia, lakini haitoshi gurudumu kumwangukia mtu au kulala upande na kukwangua nyuzi za stadi. Nikapuliza mafuta ya kupenyeza kutu kuzunguka tundu la katikati, kidogo kidogo, nikiyaepusha na diski ya breki. Tukangoja robo saa. Gari likiwa juu ya stendi, si jeki peke yake, na magurudumu ya nyuma yamewekewa kabari, nikalipiga tairi teke kwa kisigino, juu, kisha chini, nikilizungusha kila mara. Halikutikisika.

Tukalishusha gari, tukaondoa kabari na kunyoosha usukani, na dada akalisogeza mbele kama mita moja pale pale uani na kukanyaga breki, akarudi nyuma akakanyaga tena. Mara ya tatu ikasikika "ta!", nikapaza sauti asimame. Hapo hupaswi kuongeza hata mita moja, kwa sababu gurudumu lililoachia huanza kuzigonga stadi. Tulipolipandisha gari tena, gurudumu lilitoka kwa mikono miwili.

Mumewe aliuliza kwa nini nimekataa nyundo. Pigo la chuma katikati ya gurudumu hupita kwenye habu hadi ndani ya beringi, na vile vigololi huacha vishimo kwenye njia vinamozungukia. Siku hiyo huoni kitu. Baadaye gari linaanza kuvuma, na mvumo unapanda kadiri mwendo unavyopanda. Ukilazimika kupiga, weka kipande cha mbao kwenye mpira wa tairi kwa ndani, mbali na mpira wa breki na fimbo ya usukani, wala mtu asilale chini ya gari. Moto usiutumie kabisa: tairi lenye upepo linaweza kupasuka, na grisi ya beringi huyeyuka.

Tulisugua habu na uso wa nyuma wa rimu kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana, maana kutu iliyobaki katikati yao huja kulegeza nati. Nikapaka mdomo wa habu grisi ya kuzuia kutu, utando mwembamba tu. Stadi hazipakwi, kwa sababu grisi huzifanya zivutwe kupita kiasi kwa nguvu ileile ya mkono. Kisha nikakaza kwa spana ya kupimia, niutoni-mita 103.

Spana hiyo ni jambo ninalolishukuru huku. Tanga fundi wa pancha hupanda juu ya spana kwa miguu yote miwili, na stadi nyingi huvutika hivyo. Lakini Tanga asingekuwepo mtu wa kuhangaika peke yake na jeki, maana vijana wa kijiweni wangekuwa wameshafika kusukuma gari. Ile kazi ya mbele na nyuma nilijifunza kwao, muda mrefu kabla sijaiona theluji.

Magurudumu mengine matatu tuliyalegeza vilevile kabla giza halijaingia. La nyuma kulia lilidai mafuta mara mbili. Nilimwambia dada akishatembea kilomita 100 azikaze nati upya, na Machi asingoje pancha, apake habu tena.