Miezi Minne Bila Kibano

Siku moja kabla ya harusi ya dada yangu, nilikaa dirishani nyumbani kwetu New Site na kioo na kibano. Nilitaka nyusi zangu zilingane. Nikang'oa upande wa kulia, wa kushoto ukaonekana mnene. Nikang'oa wa kushoto, wa kulia nao ukaonekana mnene. Nilipoinuka, zilikuwa zimebaki kama nyuzi mbili, na mkia wa kushoto haukuwepo kabisa. Katika picha zote za harusi ninaonekana kama mtu aliyeshtuka.

"Ziache sasa, mwanangu," mama aliniambia. Nilidhani kuziacha ni kazi rahisi. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Wiki ya tatu vilichomoza vinywele vifupi chini ya nyusi, mahali nilipozoea kutinda, na mkono ukawasha. Nikaving'oa vitano tu. Hapo nikajirudisha nyuma, maana unywele uliong'olewa na shina lake huanza upya, na nyusi hukua polepole, karibu milimita moja kwa wiki. Tena vinywele havioti pamoja: kimoja kinakua huku jirani yake amepumzika kwa miezi. Ndiyo maana nyusi hurudi kwa mabakamabaka, na huwezi kujua mapema kipi ni cha kung'oa na kipi ndicho kitakachojaza pengo.

Basi nilimpa dada kibano akifiche, nikaacha uzi na wembe pia. Kioo kile cha kukuza nilikigeuza ukutani. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nilipiga picha mahali palepale dirishani, kwa sababu kujitazama kila siku hakuonyeshi mabadiliko yoyote.

Wakati huo nilikwenda darasani nikiwa nimejaza mapengo. Mwanzoni nilichora mstari mmoja mweusi wa wanja. Jasho la Juba likaushusha hadi shavuni kabla ya saa sita mchana. Baadaye nilichukua penseli ya kahawia iliyokolea, nikaichonga vizuri, nikachora vistari vifupi kama vinywele: karibu na pua vikielekea juu, kwenye mkia vikilalia pembeni. Kisha nikapitisha brashi na kugusa poda kidogo juu yake. Usiku niliosha kwa upole, bila kusugua.

Mwezi wa pili sehemu ya katikati ilijaa. Mwezi wa nne nilihitaji penseli kwenye mkia wa kushoto peke yake. Sasa mwaka unakaribia kwisha na pale pana nafasi ndogo kama punje ya mchele, isiyoota kitu. Nilipang'oa kila wiki kwa miaka miwili, na shina linaloumizwa mara nyingi huweza kufa. Kama ngozi ingekuwa inawasha au ina magamba, au nywele za kichwani nazo zingekatika, ningekwenda kwa daktari. Lakini ngozi yangu ni nzima.

Juzi dada alinirudishia kibano. Nimekitumia kutoa mwiba kidoleni.