Kutoka Daftari la Uwandani hadi Maandishi Yanayotafutika

Wanachuo wetu wanapokwenda mazoezi ya kufundisha katika shule zilizo juu ya mji wa Moshi, yaani Uru, Kibosho na Old Moshi, huwataka wawe na daftari dogo la mfukoni. Humo huandika wanayoyaona shuleni na njiani: nani amechelewa, mzazi amesema nini, mvua imenyesha au la. Madaftari hurudi chuoni yamejaa, tena mengi yameandikwa vizuri. Lakini muulize mwenye daftari, baada ya miezi sita, ni siku zipi watoto walichelewa kwa sababu ya maji, naye ataanza kufunua ukurasa mmoja mmoja. Katika makala hii nakusudia kueleza jinsi tunavyozihamisha kurasa hizo kwenye kompyuta ili swali kama hilo lipate jibu kwa dakika moja.

Tuchukue ukurasa mmoja wa mwanachuo aliyekuwa Uru mwaka 2023. Aliandika hivi kwa kalamu: «Alh 3/8. Saa 2.40. Wnf 4 dar. la 5 wamechelewa tena. M. anasema zamu ya mfongo jana usk. Mwl wa zamu amekasirika.» Kwa mgeni wa miteremko hii, mfongo ni mfereji wa asili wa Wachaga, unaoteka maji ya kijito huko juu na kuyashusha hadi kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Maji hugawanywa kwa zamu. Kaya ambayo zamu yake huangukia usiku au alfajiri haina budi kutoka wakati huo.

Ukurasa huo, baada ya kuchapwa, ulisomeka hivi:

```
TAREHE: 2023-08-03 (Alhamisi)
SAA: 08:40
MAHALI: Uru / shule A / langoni
DAFTARI: 02, uk. 14
MAANDISHI: Wanafunzi 4 wa darasa la 5
wamechelewa tena. M. [mama wa W07] anasema
zamu ya mfongo jana usiku [kuamkia
2023-08-03]. Mwalimu wa zamu amekasirika.
ALAMA: #chelewa #zamumaji
```

Tazama kwanza tarehe. Kwetu 3/8 ni tarehe 3 Agosti, lakini kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Kimarekani itaisoma kuwa tarehe 8 Machi, na wala haitakuambia. Kwa sababu hiyo tunatanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kila sehemu kwa tarakimu kamili. Faida yake ya pili ni kwamba ukitafuta 2023-08 unapata mwezi mzima wa Agosti. Jina la siku tunaliacha kwenye mabano kwa ajili ya kujisahihisha: tarehe 3 Agosti 2023 ilikuwa Alhamisi, na tarehe 8 Machi ilikuwa Jumatano. Neno «Alh» la mwanachuo yule, herufi tatu tu, ndilo lililothibitisha mwezi.

Saa nayo ina mtego wake. Saa 2.40 ya Kiswahili ni 08:40 ya saa ya ukutani. Anayechapa bila kugeuza atamfanya mtoto afike shuleni usiku wa manane. Tena kuna maneno «jana usiku». Wazee wetu wengi huuhesabu usiku pamoja na siku inayofuata, hivyo «usiku wa Alhamisi» kwa mzee mmoja ni usiku wa kuamkia Alhamisi, na kwa kijana ni usiku unaoanza Alhamisi jioni. Andika «kuamkia» na tarehe, ubishi utakwisha.

Yaliyomo kwenye mabano ya mraba ni nyongeza ya mchapaji. Usiyachanganye na maneno ya daftari. Herufi «M.» yaweza kuwa mama, mzee, mwalimu au mwanafunzi, mwandishi hukumbuka jioni ile ile, lakini baada ya wiki mbili hubahatisha tu. Ndiyo maana twasisitiza ukurasa uchapwe siku hiyo hiyo, au kesho yake. W07 ni mwanafunzi ambaye jina lake liko kwenye orodha nyingine, inayofungiwa kabatini.

Mahali pia pataka uangalifu. Neno «Moshi» peke yake halifai, kwa kuwa ni mji, ni wilaya, na pia ni moshi wa jikoni. Mwanachuo mmoja alitafuta habari za mji, akaletewa kurasa za wazazi wanaolalamikia kuni mbichi! Andika kutoka eneo kubwa hadi dogo, kwa mpangilio ule ule kila mara.

Sasa nifike kwenye alama, ambazo wanachuo wengi huziona kuwa mapambo. Lugha yetu hubadili mwanzo wa neno. Ukitafuta «mfereji» hutapata «mifereji». Inakubidi utafute «fereji». Vitendo ni vivyo hivyo: alichelewa, wanachelewa na kuchelewa vyote vinapatikana kwa «chelew», lakini anayetafuta «alichelewa» atakosa vingi. Na kuna maneno yasiyosaidiwa na mzizi hata kidogo, kama jino na meno. Tena neno moja hubeba mambo mawili: katika ukurasa wetu mna zamu ya maji na mwalimu wa zamu. Alama #zamumaji haibadiliki umbo, na ile ishara ya mbele huizuia kuchanganyika na maneno ya kawaida. Unabonyeza Ctrl+F, unaiandika, basi.

Alama ziwe chache. Kwetu hazizidi kumi na mbili. Kila moja ina sentensi mbili katika karatasi ya maelezo: itumike lini, na isitumike lini. #zamumaji hutumika pale tu msemaji anapotaja zamu ya kaya. Mtoto aliyetumwa kuchota ndoo bombani hahusiki. Bila karatasi hiyo, mmoja huandika #maji, mwingine #mfongo, wa tatu #mfereji, na utafutaji unarudi kuwa kufunua kurasa. Njia ya kugundua ni rahisi: wape watu wawili ukurasa ule ule waweke alama bila kuonana. Wakitofautiana, lawama kwanza ni ya karatasi ya maelezo.

Katika shule ile ya Uru watoto waliochelewa walikuwa wakiadhibiwa kama watoro. Mwanachuo wetu alipotafuta #chelewa, aliona kuwa W07 na ndugu yake walirudiarudia pamoja na #zamumaji, ilhali wengine wawili hawakuhusiana kabisa na mfongo. Alimwonyesha mwalimu wa darasa tarehe hizo, naye akawaita wazazi wa W07 kabla ya kuwaita watoto. Hao wawili wengine sababu yao haikuandikwa popote, na kompyuta haiwezi kutafuta kisichoandikwa.

Hapo ndipo palipojitokeza upungufu mwingine. Mwanachuo aliandika siku za kuchelewa tu. Kama W07 aliwahi kufika mapema asubuhi ya zamu, daftari halisemi, wala halisemi kama siku isiyo na ukurasa ilikuwa njema au mwandishi hakuwapo langoni. Kwa hiyo madaftari ya sasa yana mstari mmoja kwa kila siku ya shule, hata kama ni maneno mawili: «hakuna aliyechelewa». Nao huchapwa kwa tarehe na mahali kama kurasa nyingine, kwa alama ya #hakuna.