Gego la Kushoto

Mwili uliletwa mochwari ukiwa umeungua uso na vidole, baada ya nyumba moja pembezoni mwa Arusha kuteketea. Kaka wa mtu aliyepotea aliniambia, "Dokta, utamjua kwa meno yake ya kahawia." Sikuwa na moyo wa kumjibu. Kwetu maji yana floridi nyingi, na meno ya kahawia ni alama ya vijiji vizima.

Nikaomba faili la huyo aliyepotea. Lilipoletwa, mwandiko ulikuwa wangu: miaka tisa nyuma nilimziba jino.

Meno tunayaita kwa namba. Tarakimu ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni nafasi ya jino ukihesabu kutoka katikati. Faili lilisema nimeziba 46, gego la kwanza la chini kulia. Kwenye mwili, magego yalikuwa yamekingwa na mashavu na ulimi. Nikayasafisha masizi polepole kwa brashi laini, maana jino lililoungua hupukutika kama chaki. 46 lilikuwa zima, halijawahi kuguswa na mashine. Amalgamu ilikuwa kwenye 36, upande wa kushoto.

Zipo tofauti zenye maelezo. Jino lililomo kwenye faili likikosekana mwilini, huenda liling'olewa baadaye. Lakini jino lililotobolewa na kuzibwa halirudi kuwa zima. Kwa hesabu hiyo huyu hakuwa mgonjwa wangu, na kalamu ilikuwa tayari mkononi niandike hivyo.

Kabla ya kuandika nikatoa filamu ya eksirei kwenye bahasha ya faili, ile niliyompiga baada ya kuziba. Kwenye pembe ya filamu ndogo za mdomoni huwa kuna kinundu. Kikikuelekea wewe, ni kama umekaa mbele ya mgonjwa: kushoto kwake ni kulia kwako. Nikakipapasa kwa kidole gumba, nikaigeuza filamu sawasawa. Gego lilikuwa la kushoto. Siku ile, jioni nimechoka, bila shaka nilijaza faili huku nikiitazama filamu kinyume.

Nikapiga eksirei ya mwili kwa pembe ileile, nikaziweka filamu mbili juu ya kisanduku cha taa. Kuwa na jino lililozibwa tu kusingetosha, watu wengi wanalo. Nilitafuta umbo. Mzizi wa nyuma ulipinda vilevile karibu na ncha, na ukingoni mwa amalgamu palikuwa na kipande kilichotokeza kuelekea gego la pili, ambacho nilipaswa kukichonga nikakiacha. Kilikuwa palepale kwenye filamu zote mbili.

Kosa langu la kalamu nililiandika kwenye aya ya kwanza ya ripoti. Kaka mtu aliponiuliza nimemjuaje ndugu yake, nilimwonyesha kile kipande kilichotokeza, nikamwambia kuwa hiyo ilikuwa kazi ya mkono wangu, tena iliyofanywa vibaya.