"Nunua Sasa" Kabla ya Salamu

Jamani, wiki iliyopita dada yangu alinipigia simu kanuna. Anauza majiko ya presha ya umeme hapa Dar, na alikuwa amelipia tangazo Instagram kwa wiki nzima. Maandishi yenyewe: "Nunua sasa, lipia hapa." Watu walibonyeza wengi, hakuna aliyelipa.

Nikamwambia, hebu nisomee meseji ulizopata. "Hivi hilo halilipuki?" "Linakula umeme kiasi gani?" Nikacheka. Mtu bado anaogopa jiko lenyewe, wewe ushamdai hela!

Tukaanza upya. Kwa wasiolijua, video fupi ya maharage na maneno mawili tu: "Tazama yakiiva." Bei hatukuweka. Walioitazama hadi mwisho (Instagram inakuruhusu kuwalenga hao peke yao) wakaletewa tangazo la pili: "Tuulize linakula uniti ngapi." Waliouliza, dada aliwatumia picha mbili za mita ya LUKU, kabla na baada ya kupika. Hao ndio pekee walioambiwa, "Lipia leo, uletewe kesho."

Halafu akakosea. Mama mmoja aliandika neno moja, "Bei?", dada akamtumia video ya maharage! Mama wa watu akanunua kwingine. Anayeuliza bei keshavuka huko kote, anataka bei na namba ya kulipia.

Hadi jana yameondoka majiko saba. La nane nimechukua mimi, kwa mkopo.