Picha Iliyonipeleka Kikoneni

Picha iliingia kwenye simu magharibi, nikifunga kibanda changu cha funguo pale Ukunda. Mzee mmoja mwenye duka Kikoneni alitaka nakala za funguo nne, na alikuwa amezitandaza zote mezani. Kikoneni sikuwa nimefika maishani. Nilijua ni upande wa Lunga Lunga, kwamba mtu huiacha barabara kuu ya Likoni na kukata kuingia bara. Kwa safari hiyo nisingeweza kubeba kibanda kizima mgongoni. Ilibidi picha iniambie nichukue nini.

Wa kwanza ulijieleza wenyewe: bapa, meno kwenye ukingo mmoja, mfereji ubavuni. Ni ufunguo wa silinda ya mlango, wa jamii ile ambayo Linus Yale mdogo aliipatia hataza mwaka 1861. Mteja hutazama meno, lakini mimi hutazama mfereji kwanza. Meno nitayachonga mwenyewe. Mfereji usipolingana, ufunguo hauingii hata nusu.

Wa pili ulionekana kama kipande cha bomba. Ukiupiga picha ubavuni huwezi kuujua: huenda ni ufunguo wa kabati, ambao huwa na kibendera cha chuma pembeni kilichogeukia chini, au ni ule wa mviringo wa kufuli za baiskeli na masanduku ya pesa. Nikamwomba mzee aupige tena mdomo ukitazama kamera, na rula kando yake. Picha ya pili ikaonyesha vijikato saba kuzunguka ukingo wa mdomo, kila kimoja na kina chake. Basi ni wa mviringo, na rula ikanipa upana wa bomba.

Wa tatu ulikuwa mpana, kingo zote mbili laini, bila jino. Mwanga wa simu ulikuwa umeufanya mweupe tupu. Nikamwambia, "Mzee, zima flashi, umulike tochi kutoka ubavuni." Kivuli kikaingia kwenye vishimo vidogo vya mviringo vilivyotobolewa usoni mwa ufunguo. Aina hii ilianza na Kaba wa Uswisi mwaka 1934. Mashine yangu ndogo huchonga kingo; vishimo vinahitaji mashine ya kutoboa kutoka juu, nayo ni nzito. Tukakubaliana kwamba huo ningerudi nao Ukunda.

Wa nne ndio ulionikosesha usingizi. Ufunguo wa Toyota, kichwa kinene cha plastiki, hauna kitufe hata kimoja. Wengi hudhani vitufe ndivyo dalili ya chipu. Vitufe hufunga na kufungua milango kwa betri, na ufunguo wenye vitufe waweza kukosa chipu kabisa. Chipu haina betri: koili iliyozunguka swichi ya gari huipa nguvu ufunguo unapoingia, nayo hujibu kwa namba yake. Namba isipotambuliwa, injini haiwaki. Plastiki huificha, kwa hiyo picha haikuweza kunihakikishia. Lakini nilipoikuza, nikaona herufi G imegongwa kwenye chuma, karibu na kichwa. Kwenye Toyota hiyo ni alama ya aina ya chipu, na ufunguo mwingine wenye meno yale yale lakini chipu tofauti haungefaa.

Asubuhi nikapanda matatu, nikapita Msambweni na Ramisi, kisha nikamalizia kwa bodaboda kwenye vumbi jekundu, minazi na mikorosho pande zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huu nilichongewa mwaka jana," akaniwekea mkononi nakala ya Toyota. "Mlango unafungua, swichi inazunguka, gari haliwaki."

Nakala hiyo ilikuwa chuma kitupu. Ili kuthibitisha, nilivingirisha kichwa cha ufunguo wake wa asili kwa foili ya jikoni, tabaka kadhaa, chuma nikakiacha wazi. Injini ikazunguka bila kuwaka. Nikaitoa foili, ikawaka mara moja. Foili huzuia koili kuongea na chipu. Nikachonga ufunguo mpya wenye chipu ya G, nikachomeka kifaa changu kwenye soketi iliyo chini ya usukani, ufunguo wa asili ukiwapo, gari likaukubali.

Kabla ya kuondoka nilizifuta picha zote mbele yake. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitengeneza nakala za funguo kutokana na picha, moja ikiwa imepigwa kutoka juu ya paa, mita 60 hivi. Ukimtumia fundi picha ya ufunguo wako, ifute kwenye simu yako kazi ikiisha, na umtake naye aifute ukimwona.